Uzito wa Kinyota: Hukumu za Wazawa wa Lugha kama Ushahidi wa Sintaksia

Chukua sentensi mbili. Ya kwanza ni "Kitabu alichokisoma Juma kimepotea." Ya pili ni "Kitabu Juma alichokisoma kimepotea." Maneno ni yaleyale na viambishi ni vilevile; kilichohama ni Juma tu. Wengi waliokulia katika Kiswahili huipokea ya kwanza bila kusita, na ya pili huwakwaza. Katika makala ya sintaksia, sentensi hiyo ya pili ingetanguliwa na alama ya kinyota, ambayo kwa desturi ya wanaisimu humaanisha kuwa sarufi ya lugha haiizalishi. Kisha juu ya kinyota hicho ingejengwa hoja nzima.

Hoja yenyewe ipo. Mwaka 1999 Katherine Demuth na Carolyn Harford waliandika kuhusu vishazi rejeshi vya lugha za Kibantu, wakatetea kwamba pale kirejeshi kinaposhikamana na kitenzi, kitenzi hupanda hadi nafasi ya mwanzo wa kishazi na kukiacha kiima nyuma. Kwa Kiswahili, uchanganuzi huo unaeleza vizuri kwa nini tunasema "kitabu alichokisoma Juma", kiima kikiwa nyuma, lakini "kitabu ambacho Juma alikisoma", kiima kikiwa mbele: katika sentensi ya amba-, kirejeshi kimejitenga, na kitenzi hakina sababu ya kupanda. Ni maelezo mazuri, lakini yanategemea kwamba sentensi ya pili hapo juu imekataliwa na sarufi, wala si na kitu kingine. Hapo ndipo penye swali: kukwazwa kwa msikilizaji kunageukaje kuwa kinyota?

Usarufi ni kitu kimoja, ukubalifu ni kingine

Katika kitabu chake cha 1957, Noam Chomsky alionyesha kwamba sentensi inaweza kukosa maana na bado ikatambulika kuwa imeundwa sawasawa. Kwa Kiswahili jambo hili linaonekana wazi zaidi kwa sababu ya ngeli. Sema "Kimya kirefu kilimeza viatu vya hasira." Hakuna anayejua jambo gani limetokea, lakini kila kiambishi kimekaa mahali pake. Sasa sema "Kimya mrefu ilimeza viatu cha hasira." Hapa kasoro ni ya aina nyingine, na mzawa wa lugha huitambua hata kama hakuwahi kufundishwa jedwali la ngeli.

Mwaka 1965 Chomsky alilitia jambo hilo katika mgawanyo mpana zaidi. Usarufi ni sehemu ya umilisi, yaani maarifa ya lugha aliyonayo mtu kichwani. Ukubalifu ni sehemu ya utendaji, yaani kile kinachotokea mtu anapoisikia sentensi, akajaribu kuielewa na kuitolea hukumu. Sarufi ni moja tu ya mambo yanayochangia hukumu hiyo. Kumbukumbu inachangia, na vilevile maana, mazoea, muktadha, kiimbo, uchovu, na yale mtu aliyofundishwa shuleni. Hakuna mtu anayeuhisi usarufi wenyewe moja kwa moja. Anachohisi ni matokeo ya mambo yote hayo yakiwa yamechanganyika.

Kwa hiyo viwili hivyo vinaweza kutengana, na hutengana kwa pande zote mbili. Sikiliza hii: "Mwizi ambaye askari ambaye mwenyekiti alimwita alimkamata ametoroka." Wengi wataikataa papo hapo. Lakini "Mwizi ambaye askari alimkamata ametoroka" haina tatizo, na kanuni iliyotuwezesha kuingiza kishazi kimoja ndani ya kingine ndiyo hiyohiyo iliyotumika mara ya pili. Kilichozidiwa ni kumbukumbu: nomino tatu zimepangana mstarini kabla ya kitenzi hata kimoja kufika, na msikilizaji lazima azishike zote. Ushahidi wa hilo ni kwamba maudhui yaleyale, kwa ngazi zilezile za vishazi, hupita vizuri yakipangwa upya: "Ametoroka yule mwizi aliyekamatwa na askari aliyeitwa na mwenyekiti." Sentensi ya kwanza basi ni ya kisarufi ingawa haikubaliki.

Upande wa pili ni wa hatari zaidi kwa mtafiti. Isome hii haraka: "Watu wengi zaidi wamefika Unguja kuliko nilivyofika mimi." Inateleza vizuri masikioni. Kisha jiulize ni nini hasa kinacholinganishwa. Upande mmoja kuna idadi ya watu; upande wa pili kuna mimi na kufika kwangu, na hakuna idadi ya watu ya kuilinganisha na ile ya kwanza. Sentensi za aina hii zimechunguzwa sana katika Kiingereza, na funzo lake ni kwamba hukumu ya haraka inaweza kusema "sawa" juu ya kitu ambacho sarufi haina namna ya kukipa maana.

Sentensi ya Juma kwa karibu

Turudi kwenye "Kitabu Juma alichokisoma kimepotea." Kabla ya kuipa kinyota, ni lazima tuulize ni kitu gani kingine kingeweza kumkwaza msikilizaji.

Kuna ujirani wa nomino mbili. Msikilizaji anayekutana na "kitabu Juma" huenda akafikiri kuwa a-unganifu imerukwa, kana kwamba ilikusudiwa "kitabu cha Juma", akapotea njia kabla hajafika kwenye kitenzi. Kama hilo ndilo tatizo lote, kuzitenganisha nomino hizo kungelitibu: "Kitabu kile kikubwa Juma alichokisoma kimepotea." Kwa sikio langu kasoro inabaki palepale. Huo ni ushahidi kwamba ujirani peke yake hautoshi kuieleza, ingawa ni ushahidi wa sikio moja.

Mtego mkubwa zaidi umo katika kuchagua mifano. Tuseme mtafiti anataka kujaribu muundo uleule kwa nomino za watu, akaandika "Mtoto Juma aliyempiga amekimbia." Anakusudia mtoto aliyepigwa na Juma. Anamsomea mzawa wa lugha, naye anajibu bila wasiwasi kwamba sentensi ni nzuri. Mtafiti anaandika kuwa muundo unakubalika na hoja ya kitenzi kupanda imeanguka. Lakini mzawa amesikia sentensi nyingine kabisa: mtoto anayeitwa Juma, ambaye alimpiga mtu fulani, amekimbia. Katika usomaji huo "Juma" ni jina la huyo mtoto, wala si kiima kilichotangulia kitenzi cha kishazi rejeshi. Mfuatano wa maneno umekubalika, na muundo uliokuwa ukijaribiwa haujaguswa.

Hata mpangilio wa kawaida una utata wake. "Mtoto aliyempiga Juma" inaweza kuwa mtoto aliyemchapa Juma, na inaweza pia kuwa mtoto aliyechapwa na Juma, kwa sababu viambishi "a" na "m" vya ngeli ya kwanza vinamfaa yeyote kati yao. Ndiyo maana mfano wa kitabu ni bora: kitabu hakisomi mtu, na "ki" ya yambwa humfunga msikilizaji kwenye maana moja. Anayechagua nomino bila kuangalia ngeli anaweza kukusanya hukumu nyingi na zote zisihusu swali lake.

Kutokana na hayo tunapata kanuni ya kwanza ya kazi. Hukumu haitolewi juu ya mfuatano wa maneno mtupu. Hutolewa juu ya mfuatano pamoja na maana iliyokusudiwa. Kwa hiyo mtafiti makini hutanguliza hali: "Juma alisoma kitabu jana, na leo hakionekani. Je, mtu wa kwenu angeweza kulisema jambo hilo hivi?" Kisha huongeza swali la kuhakikisha, kwa mfano nani alisoma, ili ajue kuwa kilichohukumiwa ndicho kilichoulizwa.

Namna ya kuuliza

Hata kwa maana iliyofungwa, sentensi moja haitoshi, kwa kuwa kila sentensi hubeba gharama zake za urefu, za msamiati na za ugumu wa kuielewa. Njia ya kuzitenga gharama hizo ni kulinganisha. Kwa swali letu, mambo mawili yanabadilishwa kwa zamu: aina ya kirejeshi na mahali pa kiima. Tunapata sentensi nne.

1. Kitabu ambacho Juma alikisoma kimepotea.
2. Kitabu ambacho alikisoma Juma kimepotea.
3. Kitabu alichokisoma Juma kimepotea.
4. Kitabu Juma alichokisoma kimepotea.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba watu wamezipa alama kwenye kipimo cha 1 hadi 7, na wastani ukawa 6, 5, 6 na 3. Katika jozi ya amba-, kukitanguliza kiima kumeongeza alama moja. Katika jozi ya kirejeshi kilichoshikamana na kitenzi, kukitanguliza kumepunguza alama tatu. Kwa hiyo hakuna chuki ya jumla dhidi ya kiima kinachotangulia. Madhara yake yanategemea aina ya kirejeshi, na huo ndio utabiri wa hoja ya kitenzi kupanda. Kilichotupa habari ni tofauti kati ya tofauti mbili. Ile 3 ikiwa peke yake haisemi kitu, kwani sentensi ya mwizi, askari na mwenyekiti inaweza kupata chini ya hapo na bado ikawa ya kisarufi. Hakuna alama fulani kwenye kipimo ambayo chini yake kinyota kinaanza.

Mpango huu una kikomo chake. Hesabu hufuta gharama zinazoshirikiwa na sentensi zaidi ya moja, lakini ujirani wa "kitabu Juma" umo katika sentensi ya nne pekee. Kutoa na kujumlisha hakuwezi kuuondoa. Ndiyo maana jaribio la "kitabu kile kikubwa" linahitajika kando.

Yaliyobaki ni utaratibu wa kujikinga. Seti moja ya kitabu na Juma haitoshi, kwa sababu huenda kasoro ikawa ya maneno hayo tu. Mtafiti hutunga, kwa mfano, seti 16 za nomino na vitenzi tofauti, kila seti ikiwa na sura zake nne. Kila mshiriki huona sura moja tu ya kila seti, ili asilinganishe sentensi pacha na kubuni kanuni yake mwenyewe. Hivyo hukutana na sentensi 16 za jaribio, nne za kila aina, zikiwa zimechanganywa na sentensi nyingine, kama 32 hivi, zisizohusiana na swali: baadhi nzuri kabisa, baadhi mbovu kabisa, baadhi za katikati. Sentensi hizo za kujazia huficha lengo, na pia humpa mshiriki mipaka ya kipimo. Kwa Kiswahili inafaa zaidi zisikilizwe kuliko kusomwa, kwa sababu kituo kidogo baada ya "kitabu" kinaweza kuubadilisha mpangilio mzima machoni pa msomaji bila mtafiti kujua.

Nani aulizwe

Kwa miongo mingi wanasintaksia walijiuliza wenyewe, au walimwuliza mwenzao wa ofisi ya jirani. Carson Schütze aliuchambua utaratibu huo kwa kina katika kitabu chake cha 1996, na kuanzia 2010 Edward Gibson na Evelina Fedorenko waliushambulia waziwazi: mtu mmoja anayejua nadharia inataka nini si shahidi huru. Jibu lilikuja kwa majaribio. Jon Sprouse na Diego Almeida, katika makala ya 2012, walichukua data 469 za kitabu kimoja cha kufundishia sintaksia cha David Adger na kuzijaribu kwa watu 440 wasio wanaisimu. Zilizoshindwa hazikuzidi asilimia 2. Mwaka uliofuata, pamoja na Schütze, walichukua sampuli ya nasibu kutoka jarida mashuhuri la isimu la miaka ya 2001 hadi 2010, na hukumu zilizochapishwa zilikubaliana na za watu wa kawaida kwa takriban asilimia 95.

Matokeo hayo hayapaswi kuhamishiwa kwenye Kiswahili hivihivi. Data zile zilikuwa za Kiingereza, lugha ambayo kila makala yake husomwa na wazawa wengi kabla na baada ya kuchapishwa, na mfano mbaya hugunduliwa upesi. Tal Linzen na Yohei Oseki walitoa hoja hii mwaka 2018 baada ya kupima upya hukumu zilizochapishwa za Kiebrania na Kijapani ambazo wao wenyewe walizitilia shaka: sehemu kubwa yake haikuthibitika. Pale wahakiki wazawa wanapokuwa wachache, chujio hilo linakuwa dhaifu. Makala ya nadharia yenye mfano wa Kiswahili yanaweza kupitiwa na wahakiki ambao hakuna hata mmoja wao anayeweza kusema kama "kitabu Juma alichokisoma" inamkwaza au la.

Kisha kuna swali la Kiswahili cha nani. Wapo waliokipata kwa mama Unguja, Lamu au Tanga. Wapo waliozaliwa Dar es Salaam kwa wazazi wenye lugha nyingine. Wapo waliokulia Nairobi au Lubumbashi, na wapo walioanza kukitumia darasani. "Nimeona Juma", bila "mw", humshtua mtu wa pwani, lakini bara, na hasa Nairobi, husemwa kila siku. Ukiwachanganya wote na kutoa wastani, nusu wakitoa 6 na nusu wakitoa 2, utapata 4 na kudhani sentensi ina utata, ilhali kuna sarufi mbili, kila moja ikiwa na jibu lililo wazi. Kwa hiyo kabla ya wastani, tazama alama zilivyotawanyika, na uwe umeandika kila mshiriki alikulia wapi na alizungumza nini nyumbani.

Shule nayo inaingia. Mzungumzaji wa Kiswahili akiulizwa kama sentensi ni sahihi, mara nyingi hujibu kama mwanafunzi wa somo la Kiswahili: anatafuta Kiswahili sanifu, na anakataa hata anachokisema mwenyewe sokoni. Swali la "mtu wa kwenu angesema hivi?" hupunguza athari hiyo bila kuiondoa kabisa. Kinga iliyo bora ni kuchagua mambo ambayo shule haikuyafundisha. Mwalimu alisahihisha "vitabu zangu", lakini ni nadra kumkuta aliyewahi kukanya "Kitabu kilipewa Juma", na bado wasemaji huikataa huku wakiipokea "Juma alipewa kitabu." Kukataa huko kukijitokeza kwa watu waliosoma na wasiosoma, hakuwezi kuwa kumbukumbu ya somo.

Hata mtafiti mzawa ana tatizo lake. Sentensi ileile ikirudiwarudiwa huanza kuzoeleka. William Snyder alilipima jambo hilo kwa Kiingereza mwaka 2000 na kukuta kwamba baadhi ya miundo iliyokataliwa huanza kukubalika ndani ya jaribio moja, huku mingine ikibaki palepale. Aliyeikariri "kitabu Juma alichokisoma" kwa wiki nzima hafai tena kuwa shahidi wake pekee.

Hukumu katika mizani ya hoja

Tuseme sasa kwamba majaribio yamefanyika na sentensi ya nne imekataliwa hata nomino zinapotenganishwa. Bado hukumu hiyo haijathibitisha kwamba kitenzi kimepanda. Imethibitisha tu kuwa kuna jambo la kisarufi la kuelezwa, na maelezo hupimwa kwa hukumu nyingine yanazozitabiri.

Tazama "Juma alipofika, tulianza kula." Hapa kitenzi kina kirejeshi cha "po" kilichoshikamana nacho, na kiima kimetangulia bila kumkwaza yeyote. Kama kila kitenzi chenye kirejeshi hupanda na kukiacha kiima nyuma, Juma amefikaje mbele? Mtetezi wa hoja anaweza kujibu kwamba Juma hapa si kiima kilichomo ndani ya kishazi, amewekwa nje, kama mada inayotangazwa kwanza, sawa na "Juma, alipofika, tulianza kula."

Jibu hilo linapimika. Kirai chenye "kila" hakifai kuwa mada ya namna hiyo, kwa kuwa hakitaji mtu fulani wa kuzungumziwa. Kwa hiyo kama jibu ni sawa, kuweka "kila mgeni" mbele ya "alipofika" kungepaswa kukwaza. Lakini "Kila mgeni alipofika, mbwa walibweka" ni Kiswahili safi. Wala haiwezekani kusema kwamba "kila mgeni" ni kiima cha kishazi kikuu kilichosogezwa, kwa kuwa waliobweka ni mbwa. Kwa ushahidi huu, kiima kimo ndani ya kishazi cha "po", mbele ya kitenzi chenye kirejeshi.

Hivyo kauli ya jumla kwamba kirejeshi kilichoshikamana hukisukuma kiima nyuma haiwezi kusimama kwa Kiswahili jinsi ilivyo. Ama vishazi vya "po" vina muundo tofauti na vile vinavyoifafanua nomino, na mwenye kusema hivyo atuonyeshe tofauti hiyo kwa ushahidi mwingine, au kinachokikataza kiima kutangulia katika "kitabu Juma alichokisoma" kinahusu uhusiano wa kitenzi na nomino inayofafanuliwa, ambayo kwenye "Juma alipofika" haipo. Kati ya hayo mawili naegemea la pili, kwa sababu linahitaji dhana chache. Jaribio la kuamua kati yake linajulikana: chukua vishazi vya "po" vyenye nomino mbele yake, kama "mahali alipozaliwa Juma" na "mahali Juma alipozaliwa", uvilinganishe na "Juma alipozaliwa" isiyo na nomino. Kirejeshi ni kilekile pande zote. Wasemaji wakikwazwa na "mahali Juma alipozaliwa", nomino ndiyo yenye neno. Wasipokwazwa, tofauti imo katika "po" yenyewe, nami nitakuwa nimeegemea upande usiofaa.

Katika safari yote hii hakuna hukumu moja iliyoamua jambo. Kinyota cha sentensi ya nne kilipata uzito baada ya kulinganishwa na sentensi tatu nyingine, baada ya ujirani wa nomino kujaribiwa kando, na baada ya mfano wenye maana mbili kuondolewa. Kisha sentensi moja nzuri, ile ya mbwa waliobweka, ikaipunguzia nguvu nadharia iliyokuwa imekiegemea. Anayeandika sintaksia ya Kiswahili anapaswa basi kumwonyesha msomaji, pamoja na kinyota, maana iliyokusudiwa, sentensi iliyolinganishwa nayo, na wasemaji wa wapi walioikataa. Bila mambo hayo matatu, msomaji mzawa hawezi kuikagua hoja, na huyo ndiye mkaguzi ambaye data za Kiswahili zinamhitaji zaidi.